Goma: Namna ya kuambia familia kwamba pesa ya Noeli na Bonane itapunguka

Wiki tatu kabla ya Noeli, simu za watu wengi mjini Goma huanza kulia kuliko kawaida. Mama anaulizia kitenge, mdogo anakumbusha viatu vya watoto, shangazi anataka kujua nani atanunua mbuzi wa Bonane. Wengi wanaotegemewa hawapokei simu, kwa sababu hawana cha kutuma kama zamani. Kunyamaza huko ndiko kunaleta magomvi.

Fundi mmoja wa kushona nguo katika mtaa wa Ndosho alijifunza jambo hilo kwa hasara. Kila mwisho wa mwaka alizoea kutuma dola 150 kwa familia yake Butembo. Mwaka 2023 mteja alichelewa kumlipa, naye akangojea mpaka usiku wa tarehe 24 Desemba ili aseme kwamba hana kitu. Lakini yaya yake alikuwa amekwisha kuchukua mchele na mafuta dukani kwa deni, akitegemea pesa ile. Deni liliisha mwezi wa tatu, na kwa muda huo wawili hao hawakuzungumza vizuri.

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu zaidi. Benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari, wakati M23 ilipoteka mji. Wateja wake wenye mishahara wakabaki kutegemea pesa ya simu, na kila wanapotaka noti mkononi, wakala anakata sehemu yake. Waliokuwa wakishonesha nguo tatu za Noeli wakaleta kitambaa kimoja, tena wakalipa nusu.

Safari hii fundi alianza na hesabu. Mwanzoni mwa Desemba aliweka pembeni pesa ya nyumba ya miezi miwili na ya masomo ya watoto wawili wa sekondari, maana shule inafunguliwa mara tu baada ya Bonane. Zilibaki dola 65. Ndipo akamwandikia yaya yake, ambaye ndiye anayegawa pesa nyumbani:

« Yaya, salamu kwako na kwa mama. Ninakuandikia mapema ili mujipange. Mwaka huu kazi imepunguka, sitafikisha dola 150. Nitatuma dola 60 tarehe 15, pamoja na ya kutolea. Naomba 20 iwe ya mama, 40 iwe ya chakula cha wote. Nguo za watoto na mbuzi sitaweza. Musichukue kitu kwa deni kwa jina langu. Nitapiga simu Jumapili tusemezane. »

Ujumbe ni mfupi, lakini kila neno lina kazi. Kiasi kimetajwa, kwa sababu anayesikia « nitatuma kidogo » huwaza 100, na anayepokea 60 hujiona amedanganywa. Tarehe imetajwa ili wasingojee zaidi. Visivyowezekana vimetajwa pia, ili mtoto asiahidiwe viatu. Sababu imepewa sentensi moja tu: mwenye kueleza shida kumi huonekana anaficha kitu, na kila shida huzaa swali. Fundi hakuahidi kulipizia mwezi wa kwanza, kwani ahadi hiyo ingekuwa deni jipya.

Hakuanzia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Huko mama angesikia habari kutoka kwa wengine, na kila mtu angetoa maoni kabla ya anayepanga kuelewa. Yaya alimweleza mama kwanza, ndipo wengine wakajulishwa.

Siku ya Jumapili yaya aliuliza: « Kwa hiyo tununue kuku wawili, mbuzi tuache? » Swali hilo lilimwonyesha fundi kwamba ameeleweka, maana aliyeelewa huanza kupanga. Mjomba hakukubali. Alisema mwenye cherehani hawezi kukosa pesa Desemba. Fundi alimjibu kwa heshima: « Mjomba, ni 60, ndiyo iliyopo. » Hakuongeza sababu, wala hakumtumia dola 10 kwa siri ili anyamaze. Siri ya namna hiyo hujulikana haraka, na wengine wote wakaanza kudai zao.

Alilinda pia nyumba yake mwenyewe. Aliambia watoto wake kwamba hata wao hawatavaa nguo mpya. Picha moja ya shati jipya kwenye simu ingetosha kufanya 60 ionekane uongo.

Tarehe 15 pesa ilifika Butembo. Yaya alinunua mchele siku hiyohiyo, kabla ya bei kupanda katika juma la Noeli, na hakukopa dukani.