Mteja Akitishia Kukuanika, Shughulikia Shida Yake

Alhamisi, saa nne asubuhi, ujumbe unaingia WhatsApp: "Nimeagiza gauni saizi 14 mmeniletea 10! Sendofu ni Jumamosi. Msiponitatulia leo nawaanika Instagram." Tuchukulie muuzaji yuko Kariakoo, mteja yuko Dodoma, na gauni ni la shilingi 85,000.

Ujumbe huo una mambo mawili: gauni na tishio. Wauzaji wengi hukimbilia tishio. Mmoja huwaka, "Posti tu, hututishi", mwingine hubembeleza, "Usiposti, tutakurudishia hela." Majibu yote mawili humchoma mteja, kwa sababu anaona duka linalilia jina lake huku yeye hana cha kuvaa. Tena, ahadi ya hela kwa sharti la kunyamaza hupigwa picha ya skrini ikasambazwa. Google nayo inakataza kumpa mteja kitu ili afute maoni mabaya. Kwa hiyo tishio liache lipite, usiligusie kabisa.

Kwanza mtulize kwa jibu fupi: "Dada, nimeupata ujumbe wako. Naangalia oda yako sasa hivi, nakujibu kabla ya saa tano." Muda huo utumie kusoma upya maongezi yenu na kushika mkononi gauni unalotaka kuahidi. Ukiahidi mzigo ambao haupo stoo, utamkosea mara ya pili. Ndipo uandike:

"Dada, pole sana. Uliandika 14, sisi tukafunga 10. Kosa ni letu. Saizi 14 ya rangi ileile ninayo hapa. Naweza kuipandisha basi la leo jioni uipokee kesho, nauli juu yetu, au nikurudishie 85,000 yote kwa simu leo kabla ya saa kumi. Hilo la 10 utalirudisha baada ya sherehe, kwa gharama yetu. Nijibu kabla ya saa nane ili niwahi basi."

Jibu hili linakiri kosa bila "lakini", na kila ahadi ina saa yake. Mteja naye anapata jambo la kuamua, na hasira inaanza kushuka.

Je, kama mteja mwenyewe ndiye aliyeandika 10? Mtumie picha ya oda bila kumsuta: "Oda iliyotufikia ni hii, Dada. Najua siku zimekwisha. Naweza kukubadilishia leo, ila nauli itakuwa yako." Akidai gauni na hela vyote viwili, rudia ulichoweza kutoa mara moja, kwa upole, kisha usimame hapo.

Na akiposti, jibu hadharani kwa sentensi mbili: kilichotokea, na ulichofanya. Usiweke namba yake wala maongezi yenu. Mteja mpya akipita hapo, ataona duka lilikosea nini na lilirekebisha vipi.