Mmoja Anataka Mtoto, Mwingine Hataki

Ndoa ambayo swali la mtoto huibana zaidi siku hizi, kwa jinsi ninavyoona, si ile ya vijana wawili wasio na mtoto. Ni ndoa ya pili ya mwanamume aliyekwisha kupata watoto, anapomwoa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa. Wakati wa uchumba mwanamke aliuliza, mwanamume akajibu, "Hilo tutaliongea." Mwanamke akasikia "ndiyo" ya baadaye. Mwanamume alimaanisha kwamba atakapowazoea wale waliopo, hamu itamwisha. Wakaoana, kila mmoja akingoja mwenzake abadilike.

Tuwachukue mume na mke wa kubuni, wakazi wa Dodoma. Mume ana miaka 44, ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Watoto wake wa ndoa ya kwanza, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 12, wanaishi nao. Mke ana miaka 35, ana duka la vitambaa, na mtaani wanamwita kwa jina la mtoto mkubwa, mama fulani, ingawa hakumzaa. Baada ya harusi mume alimwomba "wasubiri kidogo", naye akaenda kliniki akawekewa jiti la miaka mitatu. Sasa kadi yake ya kliniki inaonyesha kuwa jiti linatakiwa kutolewa mwezi wa tisa. Tarehe hiyo ndiyo iliyowakamata. Wakibadilisha jiti wamekwisha kuamua, na wakilitoa bila kuweka lingine wameamua pia.

Mara ya kwanza mke alilianzisha jambo hili usiku, siku mama mkwe alipoondoka baada ya kukaa nao wiki mbili. Mume akajibu jambo moja tu: ada. Mke akasema, "Kwa hiyo wangu ndiye wa kukosa ada?" Mume akageukia ukutani. Kwa muda mrefu baada ya hapo walizungumza habari za mboga, umeme na vocha tu. Mazungumzo mengi ya aina hii huishia hapo, na kila mmoja hubaki akiamini kwamba amekwisha kumjua mwenzake.

Kilichohitajika ni kikao chenye siku yake. Mke anasema mapema, "Mume wangu, Jumamosi mchana naomba tuzungumze habari ya jiti. Hatutaamua siku hiyo, nataka tu kila mmoja aseme yake." Watoto wanapelekwa kwa shangazi yao na simu zinawekwa kando. Mmoja anasema mpaka amalize. Mwenzake, kabla ya kujibu neno lolote, anarudia kwa maneno yake alichosikia, na msemaji anakubali au anasahihisha. Jambo hili huwakera watu mwanzoni, kwa sababu kila mtu huja na majibu yake mdomoni. Lakini bila hilo mtu husikiliza mpaka sentensi ya pili tu, kisha akaanza kujiandalia utetezi.

Mume akipewa nafasi hiyo, ada inageuka kuwa hesabu kamili. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mtoto akizaliwa mwakani baba atakuwa na miaka 45, na siku anapokabidhi chaki mtoto atakuwa na miaka 15, bado yuko sekondari, mbele yake kukiwa na masomo ya juu. Kiinua mgongo alichokipangia nyumba ya kupangisha kitageuka kuwa ada. Hesabu hii ni ya kweli, na mke hawezi kuishinda kwa machozi. Naye mke ana yake. Anaogopa kwamba mume akitangulia, ndugu watamwambia nyumba ni ya watoto wa marehemu, naye atatoka na masanduku yake. Anaogopa uzee usio na mtu wa kumpeleka hospitali. Na anataka kubeba mimba, kunyonyesha na kumwona mtoto anayefanana naye.

Katika hatua hii wengi huanza kubishana juu ya sababu, na hakuna anayepata kujua kitu. Swali lenye faida ni moja, na kila mmoja analipokea kwa zamu: sababu hii ikiondolewa kabisa, jibu lako litabadilika? Mke anaulizwa: tukienda ardhi wiki ijayo, hati ya nyumba ikaandikwa majina yetu mawili, na nikaandika wosia mbele ya mashahidi, bado utataka mtoto? Anafikiri, anajibu bado atataka. Atalala kwa amani zaidi, lakini hamu ya mtoto iko palepale. Basi habari ya nyumba inatoka mezani. Itashughulikiwa kwa sababu ni haki yake, lakini haikuwa kiini cha hoja.

Mume naye anaulizwa: faida ya duka ikibeba nusu ya ada, bado utakataa? Anakaa kimya muda mrefu. Kisha anasema jambo ambalo hajawahi kulitamka. Anaogopa wale wawili. Walipoteza nyumba moja wazazi walipoachana, na yule mdogo alirudi kukojoa kitandani akiwa na miaka minane. Anaogopa siku mtoto mchanga atakapoingia, wao watajiona wageni kwa baba yao. Kumbe kukataa kwake kumesimama juu ya hofu inayoweza kuzungumzwa, pengine hata na watoto wenyewe, kwani wa miaka 15 si mchanga. Huenda hofu ikabaki. Lakini sasa wanabishana juu ya kitu kilichopo.

Angeweza pia kujibu vingine: "Hata ningepewa bilioni, sitaki kuanza upya." Jibu hilo nalo ni halali. Hakuna deni la mtoto linalomfuata mtu kwa sababu ameoa au ameolewa. Anayelitoa analazimika kulitoa wazi, na anayelisikia analazimika kuliamini. Kosa baya zaidi katika jambo hili lote ni mwenye "hapana" kuivika nguo ya "bado", maana hapo anatumia miaka ya mwenzake. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua polepole kuanzia miaka ya thelathini na kitu, na kasi huongezeka baada ya 37 hivi. Mwanamume uwezo wake hupungua pia, lakini taratibu zaidi. Ndiyo sababu madaktari humwambia mwanamke wa chini ya miaka 35 ajaribu mwaka mzima kabla ya kutafuta vipimo, na mwenye 35 au zaidi asipitishe miezi sita. Kwa mke wetu, jiti jingine la miaka mitatu lingemfikisha 38. Mume anayesema "tuongeze moja" lazima ajue anaomba nini.

Mara nyingi mambo huwa kinyume: mume anataka, mke hataki. Mwaka 2019 wachumi Matthias Doepke na Fabian Kindermann walichapisha utafiti uliotumia takwimu za nchi kadhaa, nyingi zikiwa za Ulaya. Waliona kwamba mtoto huzaliwa kwa nadra pale ambapo mmoja wa wenzi hakubali, na kwamba wanawake hukataa zaidi katika nchi ambazo wanaume hushiriki kidogo katika malezi. Nadhani kila mama anayefungua duka akiwa na mtoto mgongoni anaelewa sababu. Kwa hiyo mume anayetaka mtoto ajibiwe na maswali ya kazi: nani ataamka saa nane usiku, nani atabaki nyumbani mtoto akiwa na homa, dada wa kazi akiondoka ghafla biashara ya nani itafungwa. Akijibu "tutasaidiana", aulizwe siku gani na saa ngapi.

Kuna wanaokwepa mazungumzo kwa kuamua kimyakimya. Mwanamke anachoma sindano ya miezi mitatu kwa siri huku mume akimpeleka kwa waganga, au anaacha vidonge na kusema alisahau. Jijini Lusaka, Zambia, watafiti Nava Ashraf, Erica Field na Jean Lee waliwapa baadhi ya wanawake vocha za uzazi wa mpango wakiwa peke yao, na wengine wakiwa na waume zao. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, waliopewa wakiwa peke yao walitumia zaidi njia zinazofichika na walizaa kidogo zaidi kuliko wenzao. Lakini wanawake haohao walieleza kuwa na furaha ndogo zaidi maishani. Mwanamke anayeogopa kipigo ana haki ya siri hiyo, wala simlaumu. Ila asiye na hofu ya kuumizwa, mwanamke au mwanamume, akificha anamnyang'anya mwenzake nafasi ya kuamua maisha yake.

Wakikwama wamtafute mtu wa tatu, lakini si mama mkwe, ambaye anataka mjukuu na hawezi kukaa katikati. Wasimamizi wa ndoa, mchungaji, shehe au mshauri wa kliniki wanafaa kwa sharti moja: wasitoe hukumu. Mwambieni tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kuhakikisha kila mmoja anamaliza kusema.

Halafu kuna kukubali kwa kuchoka. Mume anasema, "Haya, fanya unavyotaka," na mke anashangilia. Hilo si jibu la kujengea. Aliyekubali kweli huonekana kwa anavyoanza kupanga mwenyewe: anauliza tarehe ya kwenda kutoa jiti, anazungumza na watoto, anapima chumba. Vivyo hivyo mke anayesema "basi, nimeacha" kisha akawa anaondoka kila jirani anapoingia na mtoto mchanga bado hajaacha, na mume asijifanye haoni.

Hakuna nusu ya mtoto ya kugawana, na wengine huzungumza kwa haki yote wakabaki pande mbili. Kulea mtoto wa ndugu huwatosha baadhi. Wengine haiwagusi kabisa ile hamu yao, na mwenye hamu ndiye wa kusema. Wapo wanaobaki pamoja na huzuni hiyo ikitajwa waziwazi nyumbani. Wapo wanaoachana. Nchini Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani. Kuachana mwanamke akiwa na miaka 36 kwa sababu ukweli umesemwa ni pigo. Kuachana akiwa na 44 kwa sababu ulifichwa, kwangu ni dhuluma.

Wewe mwanamume mwenye watoto unayejiandaa kupeleka mshenga: kama hutaki mtoto mwingine, mwambie mchumba wako kwa mdomo wako mwenyewe kabla ya mahari kupokelewa. Nawe dada unayeposwa, ukijibiwa "hilo tutaliongea", mwombe mliongee leo.