Miwani ya Fundi Cherehani Huanzia kwenye Futi

Fundi cherehani hafanyi kazi yake yote kwa umbali mmoja. Anapokata kitambaa mezani akiwa amesimama, macho yake huwa sentimita 60 hadi 70 kutoka kwenye mkasi. Akiketi kwenye cherehani, sindano huwa kama sentimita 40 kutoka usoni. Akipakata nguo ili apige pindo kwa mkono, adarizi taraza ya kanzu au azungushie uzi tundu la kifungo, huinua kazi mpaka sentimita 30 hivi, na mshonaji wa kofia za viua huisogeza karibu zaidi. Macho yaliyoanza kuchoka kwa umri hayawezi tena kuhama kwa urahisi kati ya masafa hayo, na lenzi inayofaa mojawapo inaweza isifae mengine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nambari ya miwani, fundi hana budi kujua kazi yake iko mbali kiasi gani na macho.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta, na ndiyo ile nambari inayoandikwa kwenye miwani ya kusomea, kama +1.50 au +2.00. Uhusiano wake na umbali ni hesabu nyepesi: 100 ikigawanywa kwa sentimita za umbali wa kazi, jibu ni nguvu inayohitajika ili kazi ionekane wazi. Kazi ya sentimita 50 inahitaji diopta 2, ya sentimita 40 inahitaji 2.5, na ya sentimita 25 inahitaji 4. Kijana hahisi hesabu hiyo, kwa kuwa lenzi iliyo ndani ya jicho lake hujifutua yenyewe na kutoa nguvu yote inayotakiwa. Lakini lenzi hiyo hukakamaa kidogo kidogo maisha yote, na kati ya miaka 40 na 45 upungufu huanza kuonekana. Mafundi huutambua mapema kuliko watu wengine kwa sababu ya tundu la sindano: uzi hautaki kuingia mpaka mkono unyooshwe, na mkono ukinyooshwa tundu linakuwa dogo mno.

Kwa wastani, mtu wa miaka 50 amebakiwa na diopta kama 3.5 za jicho lake mwenyewe, na wa miaka 60 na diopta 1 hivi. Haitakiwi zote zitumike kwa mfululizo, kwani jicho linalojikaza hadi mwisho wake kutwa nzima huishia kuuma, na kichwa nacho huuma. Desturi ya wapimaji ni kuacha karibu nusu iwe akiba. Miwani hujazia pengo linalobaki.

Fundi wa miaka 50 ambaye macho yake ya mbali ni mazima bado ana nafasi. Kazi ya mkono ya sentimita 30 inadai diopta 3.3. Jicho lake likitoa nusu ya uwezo, yaani 1.75, pengo ni diopta moja na nusu, na miwani ya +1.50 inatosha. Kwa miwani hiyohiyo anaona wazi mpaka sentimita 66 hivi, kwa hiyo sindano ya cherehani na sehemu kubwa ya meza ya kukatia bado zimo ndani. Jozi moja ya bei nafuu inamtosha, na anayemshawishi anunue miwani ya gharama kubwa hana sababu nzuri.

Miaka kumi baadaye hesabu hubadilika. Jicho sasa lina diopta 1 tu, na nusu yake ni 0.5. Kwa kazi ya sentimita 30, fundi huyohuyo anahitaji miwani ya +2.75. Taabu ni kwamba miwani hiyo huonyesha wazi kuanzia sentimita 27 hadi 36 tu. Sindano ya cherehani, iliyo sentimita 40, imekwisha kutoka nje ya mpaka, na chaki iliyochorwa mezani ni ukungu mtupu. Hapo ndipo mafundi wengi huanza kuinama juu ya cherehani, kwa kuwa lenzi inawavuta waifuate. Maumivu ya shingo na mgongo yanayosingiziwa kiti mara nyingi chanzo chake ni nambari kubwa kupita kiasi.

Fundi huyu anaweza kuchukua miwani yenye sehemu mbili, lakini igawanywe kwa mahitaji ya kazi yake. Miwani ya namna hii huwa kwa kawaida na sehemu ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea, mpangilio unaomfaa anayetembea barabarani na kusoma gazeti. Ndani ya karakana, sehemu ya juu ikiwa +1.25 humwonyesha kuanzia sentimita 80 hadi 44, ambako ndiko meza iliko. Sehemu ya chini ikiwa +2.75 itaacha pengo kati ya sentimita 44 na 36, na sindano ya cherehani itaangukia humo humo. Ikishushwa kuwa +2.25, itaonyesha kuanzia sentimita 44 hadi 31, na pengo limezibika. Kazi ya mkono itabidi isogezwe nje kwa upana wa kidole kimoja au viwili, gharama ndogo kwa faida hiyo. Ikibaki kazi ya sindano nyembamba sana, kama viua vya kofia, ni afadhali iwe na jozi yake maalumu yenye nguvu zaidi, au taa ya mezani yenye kioo cha kukuzia, kuliko kuilazimisha iingie kwenye miwani ya kutwa nzima. Ila miwani hii ya karakana ivuliwe kabla ya kutoka nje, maana haina sehemu ya mbali na ngazi zitaonekana vibaya.

Ipo pia miwani isiyo na mstari, ambayo nguvu yake hubadilika taratibu kutoka juu kwenda chini. Ni nzuri kwa mengi, lakini ile ya kawaida ina sehemu nyembamba ya karibu, na pembeni hupinda mistari iliyonyooka. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kuona kama mshono umenyooka, hiyo ni kasoro kubwa. Kuna aina yake iliyotengenezwa kwa kazi za mezani, yenye sehemu pana ya karibu na ya kati, na hiyo ndiyo ya kuulizia kwa mwenye uwezo wa kuilipia.

Vipimo vyenyewe fundi anaweza kuvichukua kwa futi yake ya kazi. Hukaa kama anavyokaa siku zote, bila kujinyoosha kwa ajili ya kipimo, na mwenzake hupima kutoka pembeni ya jicho hadi ncha ya sindano. Kisha hurudia kwa kazi ya mkono na kwa meza. Namba hizo tatu huandikwa na kupelekwa kwa mpimaji wa macho, pamoja na kipande cha kitambaa na uzi. Ubao wa herufi za kusomea hushikwa kwa kawaida sentimita 40, na miwani iliyopimwa hapo ni ya msomaji. Akijaribu lenzi, fundi asogeze kitambaa mbele na nyuma polepole. Kikizidi kuwa wazi kinaposogezwa mbali kuliko mahali pake pa kazi, lenzi ni dhaifu. Kikitaka kusogezwa karibu, lenzi ni kali mno. Nambari sahihi huiweka kazi katikati, kukiwa na nafasi mbele na nyuma.

Mwenye macho yasiyoona mbali ana hesabu nyingine. Fundi anayevaa miwani ya −2.50 ya kuonea mbali, akiivua tu, huona wazi sentimita 40, yaani kwenye sindano ya cherehani, bila kununua chochote. Naye ambaye jicho moja linatofautiana na lingine asitumie miwani ya sokoni, kwa sababu hiyo huwa na nambari moja pande zote mbili.

Lenzi isijaribiwe kabla mwanga haujawekwa sawa. Mwanga mwingi hubana mboni ya jicho, na mboni ndogo hupanua masafa yanayoonekana wazi, hivyo miwani ileile hufanya kazi zaidi mchana kuliko jioni. Jicho la miaka 60 hupitisha takriban theluthi tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka 20. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa kazini kinataka luksi 750 kwa kushona na 1500 kwa kutia viraka visivyoonekana, na balbu moja ya darini haifiki huko. Si lazima kuongeza balbu: taa ikishushwa kutoka sentimita 60 hadi 30 juu ya kazi, mwanga unaoangukia kitambaa huwa mara nne.

Mahali taa inapokaa nako kuna uzito. Kwa anayeshona kwa mkono wa kulia, taa iwe kushoto, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya sindano, na balbu ifunikwe isionekane na jicho. Suti nyeusi inayoshonwa kwa uzi mweusi ni kesi ngumu kuliko zote, kwa kuwa kitambaa cheusi hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga. Hapo taa ishushwe ubavuni, imulike kitambaa kwa mshazari, na kila mshono utatupa kivuli chake na kuonekana. Wanaoshona barazani wana mwanga tele, lakini wengi huketi wakiikabili barabara inayong'aa kwa jua, na macho hubana kwa ajili ya barabara huku nguo iliyo kivulini ikionekana nyeusi zaidi. Cherehani ikigeuzwa ili barabara iwe ubavuni, tofauti huonekana siku hiyohiyo. Miwani inayojitia giza juani haifai hapo, kwani hupunguza mwanga na kupotosha rangi. Ili kutofautisha uzi mweusi na wa buluu iliyoiva, atafutwe balbu ya mwanga mweupe ambayo kwenye boksi imeandikwa CRI 90 au zaidi.

Ikiwa taa imeongezwa na kazi bado ina ukungu hata inaposogezwa mbele na nyuma, au taa yenyewe imeanza kuonekana na mng'ao unaotapakaa na kuficha mshono, nambari kubwa haitasaidia. Mtoto wa jicho huanza hivyo, na huondolewa kwa upasuaji. Miwani inayofaa asubuhi na kukataa jioni, au nambari inayopanda na kushuka ndani ya wiki chache, ni sababu ya kupima sukari kabla ya kulipia lenzi mpya.