Ufunguo Uliosahauliwa Ndani ya Msimbo

Mei 2014, mtu asiyejulikana aliingia kwenye ghala la data la Uber bila kuvunja chochote. Alikuwa na ufunguo. Mhandisi mmoja wa kampuni hiyo ya usafiri alikuwa ameuacha ndani ya msimbo alioupandisha GitHub, mtandao ambako watengeneza programu huhifadhi kazi zao na kushirikiana, tena mahali palipo wazi kwa kila mtu. Ulikuwa ufunguo wa Amazon, kampuni inayoipangisha Uber nafasi ya kuwekea mafaili, na haukuwa na mpaka wowote: aliyeushika aliweza kufanya lolote ambalo mwenye mali angefanya. Mgeni huyo akapata faili lenye majina na namba za leseni za madereva zaidi ya 100,000. Uber yenyewe ilikuja kugundua Septemba.

Ungedhani baada ya hapo wangechoma kila ufunguo uliobaki ndani ya msimbo. Hawakufanya hivyo. Oktoba 2016, wakati Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ingali inachunguza tukio la kwanza, wadukuzi wawili waliingia tena kwa njia ileile. Safari hii msimbo ulikuwa kwenye hazina iliyofungwa, inayoonekana na wafanyakazi tu. Lakini wahandisi walikuwa wakiingia GitHub kwa akaunti zao binafsi, baadhi wakitumia nywila walizowahi kuzitumia kwenye tovuti nyingine zilizokwisha kuvuja, na kampuni haikuwalazimisha kuthibitisha kwa hatua ya pili. Wadukuzi wakajaribu nywila hizo za zamani, mlango ukafunguka, wakapekua msimbo, wakakuta ufunguo wa Amazon. Walipakua mafaili 16. Ndani yake mlikuwa na taarifa za wateja na madereva milioni 57 duniani kote.

Kilichofuata ndicho kilichotangazwa zaidi. Uber iliwalipa wadukuzi dola 100,000 na kunyamaza kwa mwaka mzima, hadi Novemba 2017. Mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 148 kumaliza kesi na majimbo ya Marekani, na mwaka 2022 aliyekuwa mkuu wake wa usalama akatiwa hatiani kwa kuuficha uvamizi huo. Kwa anayejifunza kutengeneza programu, hata hivyo, somo kubwa limo kwenye jambo dogo lililotangulia: mstari mmoja wa herufi na tarakimu uliokaa mahali pasipostahili, na imani kwamba hazina ikifungwa basi kila kilichomo kiko salama.

Mistari ya namna hiyo iko karibu kila programu ya leo. Tovuti ya duka inahitaji nywila ili isome hifadhidata yake. Anayetaka kupokea malipo ya M-Pesa nchini Kenya kupitia Daraja ya Safaricom hupewa `Consumer Key` na `Consumer Secret`, na programu yake huzionyesha kila inapoomba ruhusa. Mifano mingi ya mafunzo huziandika siri hizi moja kwa moja ndani ya msimbo, kwa sababu mwalimu anataka kitu kifanye kazi upesi. Mwanafunzi hunakili, kinafanya kazi, anafurahi, anapandisha.

Upande wa pili kuna roboti zinazosubiri. GitHub hutangaza hadharani kila msimbo mpya unaoingia kwenye hazina zilizo wazi, na funguo nyingi zina sura inayotambulika: za Amazon za kudumu huanza na `AKIA`, za malipo ya Stripe huanza na `sk_live_`. Kuzitafuta ni kazi ya programu fupi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walioifanya kazi hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019 walikuta siri katika hazina zaidi ya 100,000. Wanaozitafuta kwa nia mbaya hawachapishi. Mara nyingi mwenye akaunti hushtuliwa na bili: seva nyingi zimewashwa katika kanda ambayo hajawahi kuitumia, zikichimba sarafu za kidijitali kwa gharama yake. Na wapo wanaokaa miaka bila kushtuka. Toyota ilieleza Oktoba 2022 kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect, ukiwa na ufunguo wa seva ya data, ilikuwa wazi GitHub tangu Desemba 2017. Barua pepe za wateja 296,019 zilikuwa zinafikika muda wote huo.

Kosa la pili huja wakati wa kusahihisha la kwanza. Tuchukue duka la mtandaoni la kubuni, lililoandikwa kwa Python, lenye mstari huu:

```python
DB_URL = "postgresql://duka:Embe7788@db.local/duka"
```

Jumatatu mwenye kazi anaupandisha. Jumanne rafiki yake anaona nywila, anamtonya, naye anafuta mstari na kupandisha tena kwa maelezo ya "nimeondoa nywila". Faili sasa ni safi, ila Git haikuundwa isahau. Kila hatua iliyohifadhiwa, yaani kila komiti, inabaki pale na yaliyokuwemo, kama daftari la mwenye duka ambamo deni lililolipwa hukatwa kwa mstari lakini jina la mdaiwa bado linasomeka. Yeyote mwenye nakala ya hazina akiandika amri hii:

```
git log -p -S "Embe7788"
```

ataletewa komiti mbili, ya Jumatatu iliyoingiza nywila na ya Jumanne iliyoifuta, zote zikiionyesha wazi. Na asiyeijua nywila hana haja ya kubahatisha. Yale maelezo ya "nimeondoa nywila" yanamwelekeza pa kuangalia.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuiua siri yenyewe, kabla hata ya kugusa msimbo. Kwenye PostgreSQL ni mstari mmoja:

```sql
ALTER USER duka WITH PASSWORD 'nywila-mpya-ndefu';
```

Kwa ufunguo wa Amazon, unazimwa kwenye akaunti na kutengenezwa mwingine. Kwa huduma ya malipo, unabatilishwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma. Tovuti itasimama dakika chache mpaka iwekewe siri mpya. Hasara hiyo ni ndogo kuliko kuuacha ufunguo uliovuja ukifanya kazi hadi jioni "wateja wapungue". Kisha husomwa kumbukumbu za huduma husika kuona kama kuna mgeni aliyeingia. Ndipo, kwa anayetaka, historia ya Git inaweza kusafishwa kwa zana kama `git filter-repo`. Usafi huo haufiki kwenye nakala ambazo watu wengine walikwishajichukulia, ndiyo maana hauwezi kuwa tiba ya kwanza.

Siri mpya haipaswi kurudi ilikotoka. Utaratibu uliozoeleka ni kuiweka kwenye mazingira ya kompyuta inayoendesha programu, na msimbo ubaki na jina lake tu:

```python
import os
DB_URL = os.environ["DATABASE_URL"]
```

Kwenye kompyuta ya mtengenezaji, thamani huwekwa katika faili liitwalo `.env`, linalosomwa na maktaba ndogo kama `python-dotenv` programu inapoanza. Kwenye seva, huwekwa kwenye ukurasa wa mipangilio wa mwenye kupangisha seva. Wenzake wanaofanya kazi kwenye hazina hiyo huachiwa faili jingine, `.env.example`, lenye majina matupu bila thamani, ili wajue cha kujaza.

Mabano ya mraba yaliyopo kwenye `os.environ` yana faida yake: jina lisipokuwepo, programu inagoma na kusema kilichokosekana. Wengi huona hilo ni usumbufu, wakatumia `os.getenv` inayokubali thamani ya akiba, na kwenye akiba wakaandika nywila halisi. Siri imesharudi ndani ya msimbo, safari hii ikiwa imevaa mavazi ya utaratibu mzuri.

Jina la `.env` huandikwa kwenye `.gitignore` ili Git ilipuuze. Hapa pia kuna shimo. Faili ambalo Git imekwisha kulifuatilia haliathiriwi na orodha hiyo. Litaendelea kupandishwa kila likibadilika, mpaka liondolewe kwa `git rm --cached .env`. Namna ya kuhakikisha ni kuandika `git check-ignore -v .env`. Ikijibu kwa kutaja kanuni inayolizuia, sawa. Ikinyamaza, ama kanuni haipo, ama faili tayari linafuatiliwa.

Shimo linalowanasa watengenezaji wa PHP kwenye seva za bei nafuu ni jingine kabisa. Mradi wa Laravel umepangwa ili folda yake ya `public` peke yake ndiyo ionekane mtandaoni, na `.env` likae nje yake. Lakini mtu akimwaga mradi wote ndani ya `public_html`, nyaraka zote zinaingia kwenye sehemu inayohudumia wageni, na faili hilo lenye nywila ya hifadhidata hupakuliwa kama picha yoyote. Roboti huzunguka tovuti baada ya tovuti zikiomba `/.env`. Mwenye tovuti anaweza kuwahi kwa kuandika anwani yake mwenyewe na `/.env` mwishoni kwenye kivinjari. Anachotakiwa kupata ni kosa la 404 au 403.

Na kuna siri ambazo mazingira hayazisaidii. Chochote kinachofika kwenye kivinjari au kwenye simu ya mteja kimeshatoka mikononi, hata kama kilianzia kwenye `.env`, kwa sababu msimbo wa kivinjari husomwa na kila mtu na programu ya Android inaweza kufunguliwa na kupekuliwa. Ufunguo wa malipo hukaa kwenye seva tu. Simu inaiomba seva, na seva ndiyo inayozungumza na mtoa huduma.

Ukubwa wa hasara huamuliwa pia na uwezo aliopewa mwenye ufunguo. Ule wa Uber wa 2014 ulifungua kila kitu. Hifadhidata ya duka letu ingeweza kuwa na mtumiaji anayeruhusiwa kusoma bidhaa na kuandika oda, asiyeweza kufuta jedwali wala kugusa hifadhidata nyingine, na seva yake ikakubali miunganisho kutoka anwani ya tovuti peke yake. `Embe7788` ingevuja hivyohivyo, lakini mwizi angekosa mahali pa kuitumia.

Tangu 2024 GitHub huzuia yenyewe, kwenye hazina zilizo wazi, msimbo wenye ufunguo inaoutambua. Akijaribu mtu kupandisha ufunguo wa Amazon, atakataliwa na kuonyeshwa mstari wenye kosa. Kizuizi hicho hutegemea sura ya ufunguo, na nywila iliyotungwa kichwani haina sura maalumu. `Embe7788` inaweza kupita bila kuulizwa. Hiyo inaweza kuonekana kwa macho, kwa kusoma matokeo ya `git diff --staged` mstari kwa mstari kabla ya kila komiti.