Mstari kati ya vipimo potofu

Njia iliyozoeleka ya kuchora mstari katikati ya vipimo ni kupunguza jumla ya miraba ya makosa. Udhaifu wake ni kwamba kila nukta ina sauti, na iliyopotoka sana ndiyo inayovuta zaidi. Mwaka 1981, Martin Fischler na Robert Bolles walichapisha njia tofauti, RANSAC: chagua nukta mbili kwa bahati nasibu, pitisha mstari, kisha hesabu nukta zinazoukubali.

Chukua nukta kumi. Sita zinafuata `y = 2x + 1`, nne zimepotea ovyo. Kukubali maana yake ni kutopishana na mstari kwa zaidi ya 0.5. Zikichaguliwa (1, 3) na (3, 15), unapatikana `y = 6x − 3`, na hakuna nukta nyingine njema inayoukaribia. Zikichaguliwa (1, 3) na (4, 9), zote sita zinakubali. Mstari huo ndio unaoshinda, kisha hunyooshwa kwa njia ya miraba kwa kutumia sita hizo tu.

Uwezekano wa kupata nukta mbili njema ni 6/10 × 5/9, yaani theluthi moja. Kwa hiyo majaribio 12 yanatoa uhakika unaozidi asilimia 99. Data ikiwa kubwa na nukta njema ni moja kwa tano tu, yanahitajika takriban 113.

Ugumu hasa uko kwenye kile kipimo cha 0.5. Kikiwa kipana mno, mistari mibovu hupata kura. Kikiwa chembamba mno, nukta njema hukataliwa. Nukta potofu zikijipanga zenyewe kwenye mstari na kuwa nyingi zaidi, njia hii itauchagua mstari wao.