Dola 163.60 za Rich Strike zilitoka wapi?

Tarehe 7 Mei 2022, katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, Marekani, farasi aitwaye Rich Strike alichomoka kutoka nyuma na kutwaa mbio za Kentucky Derby. Siku moja kabla hakuwa hata miongoni mwa washindani. Aliingizwa Ijumaa baada ya farasi mwingine kuondolewa. Aliyekuwa na tiketi ya dola 2 kwa farasi huyo alilipwa dola 163.60.

Mtu aliyezoea kubeti mpira kwenye simu, awe Nairobi au Dar es Salaam, atadhani kuna kampuni iliyopanga bei ya Rich Strike, ikakosea, kisha ikalipa huku inaugulia. Sivyo ilivyokuwa. Bei haikupangwa na mtu, na mwenye uwanja hakutoa chochote mfukoni mwake kuwalipa washindi. Fedha zao zilitoka kwa watu waliowawekea farasi wengine.

Huu ndio mtindo wa mfuko wa pamoja. Aliyeuanzisha ni Joseph Oller, mfanyabiashara wa Paris, katika miaka ya 1860. Ni yuleyule ambaye baadaye alishiriki kufungua ukumbi wa Moulin Rouge. Kila dau huingia katika mfuko mmoja, mwendeshaji huchukua makato yake, na kinachobaki hugawiwa wenye tiketi za mshindi kulingana na ukubwa wa dau la kila mmoja. Kazi ngumu ilikuwa kujumlisha maelfu ya tiketi kabla farasi hawajatoka. Mwaka 1913 mhandisi George Julius alifunga mashine ya kazi hiyo kwenye uwanja wa Ellerslie, Auckland, iliyojaa magurudumu, minyororo na nyaya. Leo ni kompyuta zinazojumlisha, lakini jina la mashine zile, toti, limebaki. Hata uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaoendeshwa na Jockey Club of Kenya, una toti yake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme watu wamewekea farasi sita jumla ya dola 100,000, wakitabiri nani atashika nafasi ya kwanza. Churchill Downs hukata asilimia 17.5 katika mfuko wa aina hii. Zinaondoka dola 17,500, ambazo huenda kwa uwanja, kwenye zawadi za wenye farasi na kwenye kodi ya jimbo. Zinabaki dola 82,500, na hizo ndizo za washindi, yeyote atakayeshinda. Sasa tuseme kipenzi cha watu amewekewa dola 40,000. Akishinda, 82,500 zinagawanywa kwa 40,000, na kila dola moja inarudi kama dola 2.06 na ushee. Farasi dhaifu kuliko wote amewekewa dola 3,000 tu. Akishinda yeye, kila dola inarudi kama dola 27.50. Mwendeshaji amekwisha kupata zake 17,500 katika hali zote mbili, ndiyo maana hana haja ya kumwogopa farasi yeyote.

Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kurudi nyuma hadi kwa Rich Strike. Dola 163.60 kwa tiketi ya dola 2 ni dola 81.80 kwa kila dola moja. Gawanya 0.825, yaani sehemu inayobaki baada ya makato, kwa 81.80, utapata kama 0.01. Kwa hiyo katika kila dola 100 zilizoingia kwenye mfuko ule, Rich Strike aliwekewa kama dola 1 tu. Malipo ya toti ni taarifa ya jinsi umati ulivyogawa fedha zake, na hayasemi lolote jingine kuhusu farasi.

Kuna makato mengine ambayo wachezaji wengi huwa hawayaoni. Turudi kwa kipenzi wetu wa dola 2.0625. Kwa muda mrefu viwanja vya Marekani vilishusha malipo ya kila dola hadi kufikia senti 10 kamili, hivyo mshindi alipewa dola 2.00 na zile senti 6 na robo zikabaki kwa mwendeshaji. Zizidishe kwa dola 40,000, unapata dola 2,500 zilizopotea bila kutangazwa popote, na makato ya asilimia 17.5 yamekuwa 20. Anayeumia zaidi ni mwenye tiketi ya kipenzi, kwa sababu senti chache ni sehemu kubwa ya faida yake ndogo. Mwaka 2022 Kentucky ilibadili sheria, na sasa malipo hushushwa hadi senti 1. Katika mfano wetu, hasara ya dola 2,500 inakuwa dola 100. Alama ya badiliko hilo inaonekana wazi katika matokeo ya Derby: Mage, mshindi wa 2023, alilipa dola 32.42 kwa tiketi ya dola 2, kiasi ambacho kanuni ya zamani isingekiruhusu. Angelipa 32.40.

Kinachowachanganya zaidi wageni wa toti ni kwamba bei inayoonekana ubaoni si ahadi. Kwenye kampuni ya bei maalumu, ukikata tiketi bei yako imefungwa. Kwenye toti, kila dau linaloingia baada yako hubadilisha malipo yako, na dau lako mwenyewe pia huyabadilisha. Mtu akiona dola 27.50 kwa yule farasi dhaifu, akamwekea dola 2,000, mfuko unakuwa 102,000. Baada ya makato zinabaki 84,150, nazo sasa zinagawanywa kwa dola 5,000. Malipo yanashuka hadi dola 16.83. Amejipunguzia bei kwa mkono wake. Siku hizi fedha nyingi huletwa na kompyuta za wachezaji wakubwa katika sekunde za mwisho, kwa hiyo farasi anaweza kuwa tayari anakimbia huku bei yake bado inashuka ubaoni. Watu hupiga kelele kwamba kuna udanganyifu, lakini mara nyingi ni jumla zilizochelewa kufika kutoka viwanja vingine.

Upo pia upande ambapo mwendeshaji huumia. Kama farasi mmoja angebeba dola 85,000 kati ya zile 100,000, hesabu ingetoa senti 97 kwa kila dola: mtu ameshinda, lakini anarudishiwa pungufu ya alichoweka. Kanuni za mbio nchini Marekani huzuia hilo kwa kuweka malipo ya chini kabisa, ambayo kwa kawaida ni dola 2.10 kwa tiketi ya dola 2, na pengo hufidiwa na uwanja.

Hata hivyo ni nadra, na makato ni ya kila mbio. Mwaka 2014 Churchill Downs ilipandisha makato ya mfuko wa mshindi kutoka asilimia 16 hadi 17.5, na ya tiketi za kubashiri farasi wawili au zaidi kwa pamoja kutoka 19 hadi 22. Baadhi ya wachezaji walisusa kabisa, na walijua wanachofanya. Mchezaji wa kawaida huzungusha fedha zilezile mbio hadi mbio, na kila mzunguko unakatwa upya. Kundi la watu likiingia uwanjani na dola 100 na kuweka zote, kisha likarudisha kila linachopata katika mbio inayofuata, kwa makato ya asilimia 17.5 litabaki kwa wastani na dola 38 baada ya mbio tano.