Si lazima kibodi iwe imeharibika: Hii ndiyo sababu baadhi ya vitufe hukataa ukicheza gemu

Uko katikati ya gemu ya kasi. Umeshikilia mshale wa juu na ule wa kushoto ili mchezaji wako akate kona akikimbia, kisha unagonga ile spesi aruke. Haruki. Unagonga tena, wapi! Unalaumu mtandao, unalaumu kompyuta, halafu unaanza kuhesabu pesa za kibodi mpya.

Ngoja kwanza. Huenda kibodi hiyo ni nzima kabisa, ila imekikataa kitufe chako cha tatu makusudi.

Siri iko chini ya vitufe. Kibodi kubwa huwa na vitufe 104 hivi. Kama kila kimoja kingekuwa na waya wake hadi kwenye chipu, bei ingepanda sana. Kwa hivyo watengenezaji hupanga nyaya kama wavu. Nyaya 8 za mlalo zikipishana na 16 za wima, unapata makutano 128, na kila kitufe hukaa kwenye makutano yake. Ukibonyeza, waya wa mlalo na wa wima hugusana. Chipu nayo hupitia wavu huo waya baada ya waya, tena na tena, ikikagua ni wapi pameguswa.

Ukibonyeza vitufe viwili hakuna shida. Mambo huchacha ukiongeza cha tatu. Tuseme Q na W ziko kwenye waya mmoja wa mlalo, na A na S kwenye waya wa pili. Kiwima, Q iko na A, nayo W iko na S. Sasa shikilia Q, W na A kwa pamoja. Chipu ikipeleka umeme kwenye waya wa wima wa W na S, umeme unapitia W, unarudi kupitia Q, kisha unatokea kwenye A. Hapo unafika kwenye waya wa mlalo wa S, ambayo hata hujaigusa! Chipu inaona ni kama umebonyeza S.

Hicho ni kitufe hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na hawako kazini. Wataalamu huita jambo hili gostingi. Ili kuepuka kuandika herufi ambazo hukubonyeza, kibodi nyingi za bei nafuu zikiona pembe tatu za mstatili kama huo zimeshikwa, hukataa kitufe cha tatu. Ndio maana mruko wako ulipotea. Pia ndio maana vitufe vingine vitatu hufanya kazi vizuri: haviko kwenye pembe za mstatili mmoja.

Idadi ya vitufe ambavyo kibodi inaweza kusoma kwa pamoja, vyovyote vile, huitwa rolova. Kibodi ya kawaida inakuhakikishia viwili tu. Dawa yake ni dayodi, kifaa kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja pekee. Kila kitufe kikiwa na dayodi yake, umeme hauwezi kurudi kinyume, na kila kitufe husomwa peke yake. Kibodi za namna hiyo huandikwa NKRO. Zingine huandikwa 6KRO, kwa sababu ujumbe wa kawaida wa kibodi ya USB una nafasi 6 za vitufe, mbali na Shift, Ctrl na Alt ambazo zina nafasi yao. Sita zinakutosha ukicheza peke yako. Mkicheza wawili kwa kibodi moja, zinaweza kuisha.

Utajuaje shida ya kibodi yako? Fungua Notepad. Bonyeza kile kitufe sumbufu peke yake. Kikikosa kuandika, kimekufa. Kikiandika, sasa shikilia W na A, kisha ukigonge tena. Kikinyamaza sasa, umepata mstatili wako. Rudia ukitumia vitufe unavyoshikilia kwenye gemu yako.

Hakuna programu ya kuponya hali hii kwa sababu iko kwenye nyaya zenyewe. Lakini unaweza kuikwepa bila kutumia hata shilingi: ingia kwenye mipangilio ya gemu, uhamishe mruko hadi herufi nyingine au Shift. Kwa kawaida Shift na Ctrl huwekwa kwenye nyaya ambazo hazigongani sana na vitufe vingine.

Na ukienda kununua kibodi pale Luthuli, usidanganywe na taa za rangi. Hata neno 'gaming' kwenye boksi si hakikisho, kwani baadhi ya kibodi hulinda W, A, S, D na vitufe vichache vya karibu pekee. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta, ufanye jaribio hilo la Notepad kabla ya kulipa.